Pete ya bomba: ujazo wake na eneo la uso wake (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Maswali haya yananirudia kila mara kutoka kwa mafundi wa kuchomelea wa makomini ya Katuba na Kenya, na kutoka kwa wanafunzi wa shule za ufundi hapa Lubumbashi. Karibu yote yanahusu kazi moja: pete ya bomba inayozungushwa juu ya tangi la mafuta ili ilinyunyizie maji na kulipoza moto ukizuka jirani. Mwenye kazi anataka kujua pete inabeba lita ngapi, inahitaji rangi kiasi gani, na bomba likatwe urefu gani.

Mfano wetu kote ni huu. Tangi lina kipenyo cha mita 2.8. Pete imetengenezwa kwa bomba la inchi 2, ambalo kwa nje lina kipenyo cha milimita 60.3 na ukuta wake una unene wa milimita 3.6. Mstari wa kati wa bomba unapita mita 1.5 kutoka kitovu cha tangi.

## Misingi

1. Umbo hili linaitwaje, na R na r ni nini?

Shuleni kwetu walimu huliita tore. Chukua duara dogo, liweke mbali kidogo na mhimili uliosimama, kisha lizungushe kuuzunguka mhimili huo mpaka lirudi lilipoanzia. Njia yote lililopita ndiyo pete.

R kubwa ni umbali kutoka kitovu cha pete hadi katikati ya bomba. r ndogo ni nusukipenyo ya bomba lenyewe. R haiishii kwenye ukingo wa nje wala kwenye ukingo wa tundu. Inaishia katikati ya bomba, mahali ambapo huwezi kugusa kwa mita ya kupimia, na ndiyo sababu makosa mengi huanzia hapo. Namna ya kuipata iko kwenye swali la 4.

2. Fomula ni zipi?

Ni mbili tu:

```
V = 2 × π² × R × r²
A = 4 × π² × R × r
```

V ni ujazo, A ni eneo la uso. Ukizisahau, usihangaike kuzikariri upya. Kumbuka tu kwamba pete ni sawa na bomba lililonyooka lenye urefu wa 2πR, yaani mzingo wa mstari wa kati. Ujazo ni eneo la mkato wa bomba, πr², mara urefu huo. Eneo la uso ni mzingo wa bomba, 2πr, mara urefu uleule. Ukizidisha utazikuta fomula zote mbili zikikusubiri.

3. Lakini upande wa nje wa pete ni mrefu kuliko wa ndani. Kwa nini tuifanye kama bomba lililonyooka?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na jibu lake unaweza kulishika kwa mikono.

Chukua bomba lililonyooka na ulikate vipande 12 kwa msumeno uliolazwa kidogo. Mkato wa kwanza ulaze digrii 15 kulia, wa pili digrii 15 kushoto, wa tatu kulia tena, hivyo hivyo hadi mwisho. Kila kipande kitakuwa na mgongo mrefu na tumbo fupi, ila kimoja mgongo wake utakuwa juu na kinachofuata mgongo wake utakuwa chini. Sasa kila kipande cha pili kigeuze nusu mzunguko, mgongo uende upande mmoja na wenzake. Viunganishe. Nyuso za mikato zinakutana sawasawa, na bomba lako limejikunja likawa pete ya pembe 12.

Je, umeongeza chuma? Hapana. Umepunguza? Hapana, ukiacha unga wa msumeno na vikonzo viwili vya mwanzo na mwisho. Kile ambacho mgongo umezidi ndicho hasa ambacho tumbo limepungukiwa. Kwa hiyo pete ya pembe 12 ina ujazo uleule na uso uleule kama bomba lililonyooka lenye urefu wa mstari wa kati. Fanya vipande 24, au 100, au 1,000, hoja haibadiliki, na pembe zinazidi kufifia mpaka unabaki na pete ya mviringo.

Mwanaastronomia Yohane Kepler aliitazama pete kwa namna hii mwaka 1615. Aliikata kwa fikra kuwa vipande vyembamba sana, vinene upande wa nje na vyembamba upande wa ndani, akaona kwamba unene wa katikati ndio wastani. Zamani zaidi, katika karne ya 4, Papo wa Aleksandria alikuwa ameandika kanuni pana zaidi: umbo bapa likizungushwa kuuzunguka mhimili usiolikata, ujazo unaopatikana ni eneo la umbo mara urefu wa njia iliyopitwa na kitovu chake. Wanafunzi wetu wanaijua kwa jina la Guldin, kasisi Mjesuiti aliyeichapisha tena katika karne ya 17. Kwa pete, kitovu cha duara ni katikati yake, basi njia yake ni 2πR.

## Kupima

4. Mstari wa kati hauonekani. Nitapimaje R?

Usiutafute. Pima vitu viwili unavyoweza kugusa: kipenyo cha nje cha pete nzima, tukiite D, na kipenyo cha tundu la katikati, tukiite d. Kisha:

```
R = (D + d) / 4
r = (D − d) / 4
```

Kwa pete yetu, kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje ni milimita 3,060.3, na tundu ni milimita 2,939.7. Jumla ni 6,000, ukigawa kwa 4 unapata 1,500, yaani mita 1.5. Tofauti ni 120.6, ukigawa kwa 4 unapata 30.15, ambayo ni nusu ya 60.3. Majibu yote mawili yamekubaliana na bomba tulilonunua.

Hata hivyo, r usiitoe kwenye vipimo hivi vikubwa ukiwa unaweza kulishika bomba. Mita ya kupimia ikilegea milimita 4 kwenye D, r inakosea milimita 1, na kwa bomba la inchi 2 hilo ni kosa la zaidi ya asilimia 3, ambalo kwenye ujazo linakuwa karibu asilimia 7. Pima bomba kwa kalipa, na vipimo vya pete vitumie kupata R peke yake. Pima D na d mara tatu katika pande tofauti, kwa sababu pete iliyotoka kwenye moto wa kuchomelea mara nyingi si duara kamili.

5. Nitumie r ya ndani au ya nje?

Jiulize unataka kujua nini. Maji hukaa ndani, kwa hiyo lita huhesabiwa kwa r ya ndani. Rangi hupakwa nje, kwa hiyo hutumia r ya nje. R haibadiliki, kwa sababu katikati ya bomba ni ileile ukitazama kutoka ndani au kutoka nje.

Kwa bomba letu, kipenyo cha nje ni 60.3. Ukitoa kuta mbili za 3.6 unabaki na 53.1. Basi r ya nje ni milimita 30.15 na r ya ndani ni 26.55. Wengi husahau kutoa ukuta mara mbili, wakatoa mara moja.

Jihadhari pia na neno «inchi 2». Ni jina la bomba tu. Inchi 2 ni milimita 50.8, na hakuna sehemu yoyote ya bomba hili yenye kipimo hicho, si ndani wala nje.

6. Naomba hesabu nzima ya pete ya tangi, hatua kwa hatua.

Tuanze na urefu wa mstari wa kati, kwa sababu kila kitu kinautegemea: 2 × π × 1.5 = mita 9.425.

Maji: fanya kazi kwa desimita, kwa sababu desimita moja ya ujazo ni lita moja kamili na huna sifuri za kuhangaika nazo. R ni 15, r ya ndani ni 0.2655. Hivyo 2 × π² × 15 × 0.2655² = lita 20.9. Pete nzima inabeba bidoni moja la lita 20 na kidogo juu yake. Kila fundi niliyemwambia hivyo alishangaa, maana pete yenyewe ni kubwa kuliko chumba cha kulala.

Rangi: tumia r ya nje kwa mita. 4 × π² × 1.5 × 0.03015 = mita za mraba 1.79. Mikono miwili ya rangi ni karibu mita za mraba 3.6. Kopo likiandikwa kuwa lita moja inatosha mita za mraba 10, unahitaji chini ya nusu lita, ukiongeza kidogo kwa rangi inayobaki kwenye brashi.

Uzito: hapa watu wengi hawafiki, na ndipo vishikizo vinapovunjika. Chuma ni tofauti kati ya ujazo wa nje na wa ndani. Ujazo wa nje ni lita 26.9. Ukitoa 20.9 zinabaki lita 6.04 za chuma. Lita moja ya chuma ina kilo 7.85, basi pete tupu ni kilo 47. Ikijaa maji inafika kilo 68, na vishikizo vihesabiwe kwa uzito huo.

7. Nikate bomba urefu gani?

Kata mita 9.425, yaani mara π kipenyo cha mstari wa kati, ambacho ni mita 3. Usizidishe kipenyo cha nje.

Niliwahi kupokea pete iliyokatwa kwa kipimo cha nje. Ncha zilipishana sentimita 19. Fundi aliyeikunja alidhani mashine imemharibia kazi, akaikunja tena, pete ikatoka kama yai. Kosa halikuwa la mashine. Ukihesabu kwa mzingo wa nje unaongeza 2πr, yaani mzingo wa bomba lenyewe, na kwa bomba la milimita 60.3 huo ni sentimita 18.9. Haitegemei ukubwa wa pete hata kidogo: pete ya mita 3 au ya mita 30, ziada ni ileile. Kwa hiyo ukiona ncha zimepishana kwa urefu unaolingana na uzi uliozungushwa mara moja kwenye bomba, umejua kosa lilipo. Zikipungukiwa kwa kiasi hicho, basi mtu alipima tundu.

Kwenye mashine ya rola tatu kuna jambo jingine. Ncha mbili za bomba hubaki zimenyooka kwa sababu rola hazizishiki. Acha ziada kila upande kulingana na umbali kati ya rola zako, kunja, halafu ndipo ukate kwenye alama. Na kwa kuwa mabomba huuzwa ya mita 6, pete hii itakuwa na viungo viwili. Vipange visiangukie juu ya kishikizo.

## Majibu yakitoka ya ajabu

8. Nimepata lita 83. Kosa liko wapi?

Umeweka kipenyo cha bomba mahali pa r. Kwa kuwa r inajizidisha yenyewe kwenye ujazo, kuiongeza mara mbili kunakupa mara nne: 20.9 inakuwa 83.5. Kwenye eneo la uso kosa hilohilo linakupa mara mbili tu, kwa hiyo lita zikitoka mara nne na rangi ikatoka mara mbili, huna haja ya kutafuta zaidi.

Ukipata lita 26.9, umetumia r ya nje kwa maji (swali la 5). Ukipata lita 21.3, r yako ni sahihi lakini umechukua R hadi ukingo wa nje (swali la 4). Makosa haya mawili hayana uzito sawa: la R linakukosesha asilimia 2, la r asilimia 29. Ukiwa na muda wa kurudia kipimo kimoja tu, rudia r.

Njia ya kujihakikishia kabla ya kumpa mtu jibu: bomba hili lina lita 2.2 kwa kila mita. Mita tisa na nusu haziwezi kuzidi lita 21 kwa mbali.

9. Mwenye tangi anataka pete kubwa mara mbili. Maji yataongezeka mara ngapi?

Mwulize anakuza nini. Akiongeza R mara mbili na kubakiza bomba lilelile, maji na rangi vyote vinaongezeka mara mbili. Akibakiza R na kutumia bomba lenye r mara mbili, rangi inaongezeka mara mbili na maji mara nne. Akikuza vyote viwili, rangi mara nne, maji mara nane.

10. Nimeimwagia maji nipime, zimeingia lita 18 tu. Fomula imekosea?

Mara nyingi ni hewa. Ukijaza pete iliyolala kwa tundu moja, maji yanakwenda pande zote mbili, na hewa iliyo mbele yake haina pa kutokea. Inajikusanya sehemu iliyoinuka kidogo na kukaa hapo. Ipige pete kwa ufunguo mdogo ukiizunguka: penye maji mlio ni mzito na mfupi, penye hewa unalia kama kengele. Fungua kitundu upande ulio mkabala na mlango wa maji, inua upande huo sentimita chache, kisha jaza polepole mpaka maji yatoke pale bila mapovu.

Halafu kagua bidoni lako. Bidoni la lita 20 likijazwa hadi mdomoni huwa na zaidi ya lita 20, kwa hiyo lita unazodhani umeingiza si lita ulizoingiza. Lijaze mara moja kwa chupa ya lita 1 ukihesabu, na uweke alama. Mwenye mizani nzuri ana njia fupi: apime pete tupu na pete iliyojaa, tofauti ya kilo ndiyo lita.

Kama hewa imetoka, bidoni ni sahihi na bado zimepungua, tazama swali la 12.

## Pete zisizo kamilifu

11. Sina mashine ya kukunja. Nimeunganisha vipande 12 vilivyonyooka. Fomula inafaa?

Kwa maelezo ya swali la 3, ujazo ni eneo la mkato mara urefu wa mstari wa kati, bila makadirio yoyote. Ila mstari huo wa kati si duara tena, una pembe 12, na lazima useme pembe zinakaa wapi.

Ukiweka pembe juu ya duara la mita 1.5, kila kipande kina milimita 776 kwenye mstari wa kati, jumla mita 9.32, na pete inabeba lita 20.6. Ukiweka katikati ya vipande juu ya duara hilo na kuacha pembe zitokeze nje, kila kipande ni milimita 804, jumla mita 9.65, lita 21.4. Tofauti na lita 20.9 ni ndogo, na kwa hesabu ya maji peke yake nisingeijali.

Jambo la kujali ni nafasi. Ukuta wa tangi uko mita 1.4 kutoka kitovu. Pete ya mviringo inaacha milimita 70 kati ya bomba na tangi. Ukitumia njia ya kwanza, katikati ya kila kipande inasogea ndani milimita 51, na nafasi inabaki chini ya milimita 20. Kishikizo hakipiti, brashi ya rangi haipiti, na upande huo utaoza kwa kutu bila mtu kuuona. Napendelea njia ya pili: kila ncha digrii 15, mgongo milimita 820, tumbo milimita 788. Bomba moja la mita 6 linatoa vipande 7 ukikata kwa kugeuza-geuza kama nilivyoeleza.

12. Bomba limebonyea wakati wa kukunja. Je, nitupe hesabu?

Usitupe kabla ya kupima. Weka kalipa mahali pamoja, mara moja kwa wima na mara moja kwa ulalo. Bomba lililobonyea linakuwa na umbo la yai, na eneo la mkato ni π mara nusu ya kipimo kimoja mara nusu ya kingine.

Fundi huona bomba la milimita 60 limekuwa 63 kwa 57 akahuzunika. Zidisha: 63 × 57 ni 3,591, na 60 × 60 ni 3,600. Amepoteza robo ya asilimia moja. Hata likiwa 66 kwa 54, ambalo jicho linaliona kutoka mbali, upungufu ni asilimia 1. Rangi karibu haibadiliki kabisa, kwa sababu chuma kinachozunguka mkato ni kilekile.

Kwa hiyo kubonyea kwa kawaida hakuwezi kueleza lita 3 zilizopotea kwenye swali la 10. Kinachoweza ni bomba kukunjamana, pale tumbo linapoingia ndani kama mkunjo wa kitambaa. Hapo mkato si yai tena, hakuna fomula itakayokusaidia, na maji yatapita kwa shida. Kata kipande hicho.

13. Nina robo ya pete tu, kona ya digrii 90. Nifanyeje?

Hesabu pete nzima, kisha chukua sehemu: digrii zako gawa kwa 360. Kona ya digrii 90 ni robo ya ujazo na robo ya uso. Lakini usihesabu nyuso za ncha mbili kama ni za kupaka rangi, hazimo kwenye fomula.

14. Pete imelala na maji yamefika nusu, au robo. Kuna lita ngapi?

Pete iliyolala sawasawa inafanya kama bomba lililonyooka lililolala, kwa kina chochote. Sababu ni kwamba umbo la maji ndani ya mkato linafanana kulia na kushoto, hivyo kitovu chake kinabaki umbali uleule wa R kutoka katikati ya pete, na hoja ya swali la 3 inaendelea kusimama. Maji yakifika nusu ya kimo cha bomba ni nusu ya ujazo, lita 10.4. Yakifika robo ya kimo si robo ya ujazo: ni asilimia 19.6, karibu lita 4.1, kwa sababu chini bomba ni jembamba.

Pete ikisimama wima kama gurudumu mambo hubadilika. Nusu bado ni nusu, lakini kwa vimo vingine hakuna fomula fupi. Mwaga maji uyapime.

15. Sisi wa Bukavu na Goma tunaogelea Ziwa Kivu kwa tyubu ya gari. Hesabu hii inafaa?

Inafaa, na hapo pete ni nene, kwa hiyo kuna jambo jipya la kuona. Tuseme tyubu ya lori ikijaa ina mita 1 kutoka ukingo hadi ukingo, na tundu lake ni nusu mita. Kwa swali la 4, R ni mita 0.375 na r ni 0.125. Ujazo ni lita 116. Ikizamishwa yote, maji yanaisukuma juu kwa nguvu ya kilo 116, na humo utoe uzito wa mpira wenyewe. Mtu aliyekaa juu yake hutumia sehemu tu ya nguvu hiyo, ile ya kiasi kilichozama.

Eneo la uso ni mita za mraba 1.85. Sasa ligawe kwa mstari unaopita juu kabisa ya tyubu: nusu ya nje ina mita za mraba 1.12, nusu ya ndani 0.73. Tofauti hiyo hutoka hivi:

```
nje   = 2π²Rr + 4πr²
ndani = 2π²Rr − 4πr²
```

Hiyo 4πr² ni uso wa tufe lenye nusukipenyo r, yaani nusu ya ndani imeiazima nusu ya nje tufe zima. Kwenye ujazo ni vilevile: nje inazidi nusu kwa ujazo wa tufe hilo, ndani inapungua kwa kiasi hichohicho. Kwenye pete ya tangi letu tufe hilo ni dogo sana, nusu ya nje ni mita za mraba 0.904 na ya ndani 0.881, ndiyo maana fundi wa rangi haoni tofauti. Kwenye tyubu, kiraka na gundi vikihesabiwa kwa upande mmoja, tofauti hii lazima iingie.

16. Tundu likizibika, fomula bado ni halali?

Tundu linazibika pale r inapolingana na R. Hapo ukingo wa ndani unajigusa kwenye nukta moja ya katikati, na fomula zote mbili bado ni sahihi. r ikizidi R, bomba linaingia ndani ya lenyewe, na fomula hazitoi tena ujazo wala uso wa kweli. Kanuni ya Papo inataka mhimili usilikate umbo, na hapa umelikata.

Kwa bomba la chuma hutafika huko kamwe. Ukipata r kubwa kuliko R kwenye karatasi yako, umebadilishana herufi.